Mita kuu inasoma uniti 8,640, mita za wapangaji zinafika 5,700. Pengo hili ni la nani?

KatibuWaWapangaji | Jumatatu, saa 2:10 usiku

Wanajukwaa, hamjambo. Mimi ni mpangaji katika jengo la orofa nne hapa Kisumu, upande wa Mamboleo, na wenzangu wamenichagua niwe katibu wa kamati yao. Chini kabisa kuna maduka sita, likiwemo duka moja kubwa la bekari. Orofa ya kwanza ina ofisi tano. Orofa tatu za juu zina vyumba vya kuishi 24. Jumla yetu ni wapangaji 35. Kampuni ya umeme inamtambua mwenye nyumba pekee, kwa mita moja kubwa iliyo langoni, na bili hiyo anaigawanya kwetu kwa mita ndogo alizofunga yeye mwenyewe. Vyumba vya kuishi vina mita za tokeni; maduka na ofisi husomewa kila mwisho wa mwezi.

Tulimwomba mwenye nyumba atuonyeshe hesabu naye hakuficha kitu, jambo ambalo tunamshukuru. Mwezi uliopita mita kuu ilisoma uniti 8,640. Vyumba vya kuishi vilitumia 2,160, maduka matano madogo 1,340, ofisi 1,180, na bekari 1,020. Ukijumlisha unapata 5,700. Zilizobaki ni uniti 2,940, ambazo yeye anaziita matumizi ya pamoja, yaani pampu ya kisima, taa za ngazi na taa za nje, kisha anazigawanya sawa kwa sawa kati yetu sote 35. Kila mmoja anabebeshwa uniti 84. Bili nzima ya mwezi huo ikigawanywa kwa uniti zake inatoa shilingi 28 kwa uniti, kwa hiyo kila mpangaji alilipa shilingi 2,352 juu ya umeme wake mwenyewe. Mama mmoja wa orofa ya tatu alitumia uniti 90 chumbani mwake, kisha akalipia 174.

Jambo hili limeendelea kwa miezi minane. Swali langu si kumlaumu mtu. Nataka kujua kama pampu na taa zinaweza kweli kula uniti 2,940, na kama haziwezi, tunaanzia wapi kutafuta.

---

FundiKondele | Jumatatu, saa 2:55 usiku

Ndugu Katibu, nimefunga mita za namna hiyo katika majengo mengi ya Kondele na Manyatta, na nakwambia kwamba pengo haliepukiki. Umeme hupotea kwenye waya, hasa kama mwenye nyumba alinunua waya mwembamba na mita ndogo ziko mbali na mita kuu. Pili, mita za tokeni huchezewa. Mpangaji anamwita kijana usiku, waya unapitishwa kando ya mita, na mita inasoma kidogo huku jiko la umeme likiwaka. Wakagueni wale wa vyumba vya juu kwanza. Nina hakika mtapata wizi.

---

MitaNaWaya | Jumatatu, saa 3:40 usiku

Katibu, umeeleza vizuri, na takwimu zako zinatosha kuanzia. Kabla ya kumkagua mpangaji yeyote chumbani mwake, hebu tupime hoja mbili za Fundi kwa hesabu.

Ni kweli umeme hupotea kwenye waya. Lakini umeme ukipotea hugeuka joto, na joto hilo lazima lionekane mahali fulani. Chukulia kwamba pampu na taa zenu zinatumia uniti 900 kwa mwezi, ambacho ni kiwango cha ukarimu kwa jengo lisilo na lifti. Zinabaki takriban uniti 2,040. Mwezi una saa 720, kwa hiyo hizo ni kilowati 2.8 zinazowaka usiku na mchana bila kupumzika. Hilo ni sawa na jiko la umeme la mafiga mawili lililofichwa ndani ya mabomba ya waya ya jengo lenu kwa miezi minane. Waya ungekuwa umeungua zamani, au walau ubao wa swichi ungekuwa hausogeleki kwa harufu ya plastiki. Katika jengo la ukubwa huo, waya ukichaguliwa vizuri, upotevu huwa asilimia 1 hadi 2, na ukizidi 3 unastahili kutafutwa. Ninyi mna asilimia 34.

Kuhusu wizi, unawezekana, ila fikirini kiwango chake. Vyumba vyote 24 kwa pamoja vinasoma uniti 2,160. Ili wizi wa vyumbani uzae uniti 2,040, ingebidi karibu nusu ya umeme wote wa vyumba hivyo uwe wa kuibwa. Sisemi haiwezekani, nasema sitaanzia hapo.

Naomba mambo matatu. Kwanza, zile uniti 2,160 za vyumba ni tokeni zilizouzwa au ni namba iliyosomwa kwenye mita? Hizo ni hesabu mbili tofauti, kwa sababu mtu anaweza kununua tokeni za shilingi elfu moja leo na kuzitumia mwezi ujao. Pili, mita ndogo zilisomwa siku ile ile ambayo kampuni ilisoma mita kuu? Siku tatu za kuchelewa ni sehemu ya kumi ya mwezi mzima. Tatu, bekari ina mita ya aina gani, na je, waya mnene unaingia kwenye mita yenyewe, au kuna pete zilizovishwa waya hizo na nyaya nyembamba zinazotoka kwenye pete kwenda kwenye mita?

---

MsimamiziNakuru | Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Habari za asubuhi. Mimi ni msimamizi wa majengo hapa Nakuru, karibu na Section 58, na nimelipitia tatizo hili hili, ila kwangu lilikuwa kinyume. Mita za wapangaji zilikuwa zikizidi mita kuu kwa karibu uniti 400. Tuliilaumu mita kuu hadi tukakaribia kuandika barua. Mwishowe niligundua kwamba mwezi ule umeme ulikatika mara nyingi na jenereta ilifanya kazi sana. Mita za wapangaji zilihesabu umeme wa jenereta pia, ilhali mita kuu haikuuona kabisa. Kwa hiyo wapangaji walikuwa wakilipia umeme wa dizeli kwa bei ya umeme wa kawaida, nami nikilipa dizeli kutoka mfukoni. Katibu, angalieni jenereta yenu.

---

KatibuWaWapangaji | Jumanne, saa 1:30 usiku

Asanteni nyote. Ndugu wa Nakuru, sisi hatuna jenereta, umeme ukikatika tunakaa gizani.

Mzee MitaNaWaya, nimeyafuatilia maswali yako. Uniti za vyumba zilikuwa za tokeni zilizouzwa, kama ulivyoshuku. Nilipita mlango kwa mlango na mlinzi, tukasoma mita zenyewe na kulinganisha na picha ambazo mwenye nyumba alizipiga mwezi uliotangulia. Tofauti ilikuwa uniti 11 tu kwa vyumba vyote. Tarehe za kusoma zinapishana kwa siku moja. Kuhusu bekari, mita yake imefungwa ndani ya sanduku la chuma nyuma ya duka, na kuna pete tatu nyeusi zilizoandikwa 150/5. Kwenye uso wa mita pameandikwa 5000 imp/kWh. Mwenye nyumba anasema namba ya mita huzidishwa kwa 30, na nimehakikisha kwamba anafanya hivyo.

---

MitaNaWaya | Jumanne, saa 2:20 usiku

Hapo ndipo ningetazama kwanza. Mita zinazopitisha umeme moja kwa moja hukosea mara chache sana. Mita za pete hukosea mara nyingi, na kosa kwa kawaida haliko kwenye mita wala kwenye pete, bali kwenye mkono wa aliyefunga.

Pete ya 150/5 ina maana kwamba ampea 150 zikipita kwenye waya mnene, ampea 5 hupelekwa kwenye mita. Ndiyo sababu mnazidisha kwa 30, na hilo mnalifanya sawa. Lakini kila pete ina upande wa kuingia na wa kutoka, na nyaya zake mbili huandikwa S1 na S2. Ikiwa fundi alizigeuza nyaya hizo kwenye fezi moja, au aliivisha pete yenyewe kichwa chini, mita inaamini kwamba fezi hiyo inarudisha umeme badala ya kuutumia. Mita nyingi zitaitoa fezi hiyo kwenye jumla. Fezi mbili zinajumlishwa, moja inatolewa, kwa hiyo unabaki na fezi moja kati ya tatu. Bekari inatumia uniti tatu, mita inaandika moja, na hakuna taa nyekundu inayowaka wala kitu kinachoungua.

Sasa tazama hesabu yako tena. Bekari ilisoma 1,020. Mara tatu ya hiyo ni 3,060. Zimepotea 2,040, ile ile namba niliyoipata jana kwa kukisia pampu na taa. Inaweza kuwa sadfa, kwa hiyo tusimhukumu mtu kabla ya kupima.

Kipimo hiki kinahitaji fundi mwenye leseni, saa moja, na ruhusa ya mwenye bekari. Chagueni wakati ambapo hajaanza kuoka. Zimeni breka zote za wapangaji, pampu na taa za pamoja, kisha tazameni taa ndogo ya mita kuu. Ikiendelea kumeta, kuna mtu amechukua umeme kabla ya mita ndogo, na hoja ya Fundi itakuwa na uzito. Ikitulia, njia hiyo ni safi. Lakiri ya mita kuu isiguswe kwa sababu yoyote, kwa kuwa ni mali ya kampuni.

Baada ya hapo washeni tanuri la bekari peke yake. Fundi apime ampea za kila fezi kwa klampu, na mtu mwingine ahesabu mimeto ya mita ya bekari kwa sekunde 60 kamili. Hesabu ni hii, 30 ikiwa ile ya pete, na 5000 ikiwa mimeto ya uniti moja kama uso wa mita unavyosema:

```
kW = (mimeto × 3600 × 30) / (sekunde × 5000)
```

Linganisheni jibu na kilowati zilizoandikwa kwenye bati la tanuri.

---

FundiKondele | Jumanne, saa 2:48 usiku

Mzee, hilo la pete kugeuka nalijua, lakini mita za siku hizi husoma mbele tu hata ukigeuza waya. Mita ya miaka ya nyuma yenye sahani inayozunguka ndiyo ingerudi kinyumenyume.

---

MitaNaWaya | Jumanne, saa 3:05 usiku

Fundi, uko sawa kwa baadhi ya mita. Zipo zinazohesabu kila fezi kama matumizi bila kujali mwelekeo, na zipo zinazojumlisha fezi tatu pamoja na alama zake, na mbili hizi hazitofautiani kwa sura. Huwezi kujua kwa kuitazama mita ukutani, ndiyo maana nataka wahesabu mimeto. Nyingine zina kitufe kinachoonyesha fezi moja moja. Ukiona alama ya kutoa mbele ya fezi yoyote, kazi imekwisha.

---

KatibuWaWapangaji | Jumapili, saa 11:20 jioni

Tumepima leo mchana, mwenye nyumba, mwenye bekari na fundi wakiwapo. Naeleza kwa utaratibu ili mwingine mwenye tatizo kama letu anufaike.

Saa nane tulizima breka zote 35, pampu na taa. Taa ya mita kuu ilimeta mara moja, ikatulia. Tulisubiri dakika kumi na tano na haikumeta tena. Naomba radhi kwa niaba ya kamati kwa wapangaji wa orofa ya tatu na ya nne, kwa sababu maneno ya wizi yalikuwa yamekwisha kuzagaa.

Kisha tanuri likawashwa peke yake. Bati lake linasema kilowati 18. Klampu ilisoma ampea 25 kwenye kila fezi, na kwa volti 240 hesabu inakubaliana na bati. Mimi nilichuchumaa mbele ya sanduku la chuma na kuhesabu mimeto huku binti wa bekari akishika saa. Nilihesabu mimeto 17 kwa dakika moja. Nilidhani nimekosea, nikarudia mara tatu, na kila mara nikapata 17.

```
kW = (17 × 3600 × 30) / (60 × 5000) = 6.12
```

Tanuri la kilowati 18 lilikuwa linahesabiwa kama kilowati 6. Fundi alifungua mfuniko akaifuata waya kwa kidole. Kwenye fezi ya manjano nyaya za S1 na S2 zilikuwa zimepishana. Alizima breka kuu ya bekari kabla ya kuzigusa, akieleza kwamba nyaya za pete haziachwi wazi umeme ukiwa unapita, kwa sababu volti hupanda ghafla na kuweza kumuua mtu. Akazibadilisha, tukawasha, nami nikahesabu mimeto 50.

---

MitaNaWaya | Jumapili, saa 12:05 jioni

Kazi safi sana, na umeieleza kama inavyostahili. Hamsini ndiyo namba iliyotakiwa.

Sasa fungeni mita mbili za pamoja, moja kwa pampu na moja kwa taa. Mpaka sasa mwenye nyumba amekuwa akipata matumizi ya pamoja kwa kutoa, yaani mita kuu kasoro wapangaji. Njia hiyo ina ubaya mmoja mkubwa: kila kosa, la mita, la tarehe au la wizi, linajificha ndani ya jina la matumizi ya pamoja na kulipwa na wasiohusika. Pampu ikiwa na mita yake, kinachobaki baada ya kutoa ndilo pengo halisi, na pengo hilo ndilo la kufuatilia kila wiki. Someni mita zote saa moja, siku moja, kwa picha. Si lazima mnunue mtambo wa kutuma takwimu kwenye simu. Daftari na Jumapili moja kwa wiki vinatosha kwa jengo la mita 37.

---

MhasibuMilimani | Jumatatu, saa 6:30 mchana

Nimefuata uzi huu kwa makini kwa sababu ninatunza hesabu za majengo mawili. Naomba niongeze kuhusu mgawanyo, kwa kuwa hata baada ya kosa kurekebishwa, kugawanya sawa kwa sawa bado ni dhuluma ndogo.

Ningegawanya kila gharama kwa kile kinachoisababisha. Pampu igawanywe kwa maji, kwa sababu anayetumia maji mengi ndiye anayeiwasha. Taa za ngazi zilipwe na wanaopanda ngazi, si na maduka yenye milango ya barabarani. Taa za nje ni ulinzi wa wote, na hizo zigawanywe kwa ukubwa wa eneo. Katibu, ukinipa namba nitakuonyesha kwa chumba kimoja.

Kuna jambo la pili. Wapangaji wa vyumba wanalipa bei ya biashara bila kujua. Mita kuu iko kwenye kundi la biashara ndogo kwa sababu jengo lina maduka na halijafika uniti 15,000 kwa mwezi. Mtu wa nyumbani anayetumia chini ya uniti 100 akiwa na mita yake ya kampuni angekuwa kwenye ngazi ya bei nafuu zaidi, na wa chini ya uniti 30 ana ngazi yake ya chini kabisa. Ndani ya mita moja ya pamoja nafuu hizo zinapotea. Mwenye nyumba afikirie kuwaombea watu wa vyumba mita za kampuni.

---

MsimamiziNakuru | Jumatatu, saa 8:00 mchana

Mhasibu, hilo la mita 24 za kampuni ni rahisi kuandikwa. Kwangu tuliulizia, tukaambiwa tutenganishe waya za vyumba zote kuanzia ubao mkuu. Gharama ya kupitisha waya hizo ukutani ilizidi kodi ya miezi kadhaa. Wapangaji wangu hawakutaka kuchangia, nami nikaacha.

---

MhasibuMilimani | Jumatatu, saa 8:25 mchana

Nakubali kwamba jengo la zamani ni gumu. Lakini mwenye nyumba asiongeze hata senti juu ya bei anayolipa yeye. Kurudishiwa gharama ni jambo moja na kuuza umeme ni jambo lingine, na biashara ya kuuza umeme inahitaji leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, chini ya Sheria ya Nishati ya mwaka 2019.

---

KatibuWaWapangaji | Jumapili iliyofuata, saa 1:00 usiku

Mita za pamoja zimefungwa. Hesabu ya siku saba imefika: mita kuu imesoma uniti 2,010, wapangaji wote 1,797, pampu na taa 183. Pengo ni uniti 30, yaani asilimia 1.5.

Kwa kuikuza hesabu hiyo hadi mwezi mzima, matumizi ya pamoja ni kama uniti 780: pampu 396, taa za ngazi 260, taa za nje 124. Mita za maji zinaonyesha kwamba vyumba vya kuishi vinatumia robo tatu ya maji, na eneo lao ni karibu nusu ya jengo. Mhasibu, tafadhali.

---

MhasibuMilimani | Jumapili, saa 1:50 usiku

Robo tatu ya pampu ni uniti 297, na kwa vyumba 24 ni 12.4 kwa kila kimoja. Ngazi ni 260 kwa vyumba 24 na ofisi tano, yaani 9 kwa kila mmoja. Nusu ya taa za nje ni 62, na kwa vyumba 24 ni 2.6. Jumla ni uniti 24 kwa chumba, ambazo kwa shilingi 28 ni shilingi 672. Yule mama wa orofa ya tatu alikuwa akilipa 2,352. Ndani ya vyumba ningegawanya maji kwa mita ya kila mmoja, kwa sababu chumba cha mtu mmoja na cha watu watano havifanani, lakini hata wastani huu ni mwanzo.

---

MwenyeMikate | Jumapili, saa 3:15 usiku

Mimi ndiye mwenye bekari inayozungumzwa. Sijawahi kuandika hapa, ila nimeona ni vyema nisikike.

Sikuigusa mita ile hata siku moja. Ilifungwa na fundi aliyeletwa na mwenye nyumba kabla sijahamia, na kila mwezi nililipa nilichoandikiwa, pamoja na zile uniti 84 kama wenzangu. Kuanzia sasa nitalipa umeme wangu wote, na tayari nimeanza kuwasha tanuri mara moja badala ya mara mbili kwa siku kwa sababu bili ya wiki hii imenishtua. Lakini nasikia baadhi ya wapangaji wanataka nilipe miezi minane ya nyuma. Uniti 2,040 kwa shilingi 28 ni shilingi 57,120 kwa mwezi. Nilipanga bei ya mkate kwa bili niliyopewa. Mkate ule umeshauzwa na kuliwa, siwezi kumfuata mteja aniongezee.

---

KatibuWaWapangaji | Jumapili, saa 3:40 usiku

Mama, asante kwa kuandika. Kamati haijakuita mwizi na haitakuita. Ila kila mpangaji, wewe pia ukiwemo, alilipa shilingi 1,632 za ziada kila mwezi kwa kosa lile, na kuna watu ambao kiasi hicho ni nauli ya mtoto ya wiki mbili. Wao wanauliza warudishiwe na nani.

---

FundiKondele | Jumapili, saa 4:05 usiku

Mwenye nyumba arudishe, maana fundi alikuwa wake. Nasema hivi nikijua kwamba mimi pia ni fundi. Kuhusu kiasi, chukueni kila mwezi wa bekari mzidishe kwa tatu, hesabu itakuwa imekamilika.

---

MitaNaWaya | Jumapili, saa 4:30 usiku

Fundi, kuhusu mwenye nyumba nakaribia kukubaliana nawe. Kuhusu kuzidisha kwa tatu, hapana. Theluthi inakuwa kamili pale tu fezi zote tatu zinapobeba mzigo sawa, kama tanuri lilivyokuwa siku ya kipimo. Bekari ina friji, mashine ya kukandia na taa, na vitu hivyo vidogo kwa kawaida hukaa kwenye fezi moja. Kama friji ziko kwenye fezi ya manjano iliyogeuzwa, zilikuwa zikipunguza hesabu badala ya kuongeza, na deni halisi ni zaidi ya mara tatu. Zikiwa kwenye fezi nyingine, deni ni pungufu.

Kwa mwezi uliopita mna njia ya pili: 8,640 kasoro 5,580 za matumizi mengine kwa kukadiria, yaani wapangaji wengine 4,680, pamoja 780 na upotevu kama 120. Inatoa 3,060 na kukubaliana na mara tatu. Fanyeni hesabu hiyo hiyo kwa miezi mingine saba, mwezi kwa mwezi, kwa sababu mwenye nyumba anazo bili. Miezi ambayo njia mbili zitaachana sana, andikeni namba zote mbili, msichague ile inayowapendeza.

Namwomba Mama aandike mashine zake zote na fezi zake. Mwenye nyumba na wapangaji wa biashara wasipoelewana, ipo mahakama maalumu ya kodi za majengo ya biashara, na hata huko mtaulizwa hesabu hii kwanza.

---

MwenyeMikate | Jumapili, saa 4:50 usiku

Nitaandika kesho asubuhi kabla ya kuoka. Friji zangu ni mbili, na moja nilihamishiwa soketi mwezi wa tatu, kwa hiyo nitaweka tarehe.

---

KatibuWaWapangaji | Jumatatu, saa 1:25 asubuhi

Nimepokea orodha ya Mama. Friji zote mbili ziko kwenye fezi ya manjano tangu mwezi wa tatu, na kabla ya hapo ilikuwa moja tu. Mzee, nadhani hilo linabadilisha miezi ya mwisho.

Kuna suala jingine ambalo halijapata jibu. Duka la tatu limebaki tupu tangu juzi, na mwenye nyumba anataka sehemu yake ya taa za nje igawanywe kwa waliobaki. Mhasibu anasema eneo lihesabiwe lote, na duka tupu lilipwe na mwenye nyumba. Mwenye nyumba anasema taa zinawalinda walio ndani, si chumba kitupu. Tunakutana Jumamosi saa kumi chini ya ngazi, na nitaleta namba za mita zote 37 zikiwa zimesomwa asubuhi hiyo.